Deni Lina Namba, Aibu Haina



Wiki hii nataka tuongee juu ya tabia moja ambayo wengi wetu tunaijua lakini hatuitaji kwa jina. Simu inaita, namba ni ngeni, unaigeuza kifudifudi mezani. Bahasha imeletwa, unaipandisha juu ya kabati bila kuifungua. Njia ya kwenda stejini imebadilika, siku hizi unazunguka nyuma ya shule ili usipite mbele ya duka unalodaiwa. Mtoto anafundishwa kusema, "Mama hayuko."

Huyu si mtu mvivu, na mara nyingi si mtu mwizi. Anaweza kuwa anaamka saa kumi alfajiri kutafuta riziki. Lakini amefika mahali ambapo kuona jina la anayemdai kunamuumiza kuliko njaa. Kwa hivyo swali langu ni hili: ubaya uko wapi hasa? Uko katika kudaiwa, au uko katika kujificha?

Tuanze na kudaiwa. Deni ni makubaliano. Mtu alikupa kitu leo, wewe ukamwahidi kitu kesho. Biashara zote za nchi hii zinasimama juu ya deni, kutoka benki kubwa mpaka mama anayechukua viazi kwa lori asubuhi na kulipa jioni. Mimi nilisomea biashara, na katika vitabu vya hesabu deni halina tusi lolote kando yake. Lina jina la anayedai, kiasi, na tarehe. Ukishindwa kulipa kwa tarehe ile umevunja ahadi, na hilo ni jambo zito. Lakini ni zito kwa kiasi kinachojulikana. Ukidaiwa shilingi 8,000 umekosa kwa kiasi cha shilingi 8,000.

Aibu haihesabu namna hiyo. Aibu haikwambii unadaiwa 8,000. Inakwambia wewe ni bure, wewe ni mtu wa kusemwa. Hiyo haina namba, kwa hivyo hakuna siku utamaliza kuilipa. Ndiyo maana mtu hafungui bahasha. Anaogopa hukumu juu ya utu wake, ilhali ndani ya bahasha kuna takwimu tu.

Sasa tuje kwa kujificha. Hapa ndipo naona kosa lenyewe, na sisemi hivyo kwa kuhukumu. Ukikosa kumlipa mtu, umemnyima pesa. Ukinyamaza, umemnyima kitu kingine juu ya pesa, yaani nafasi ya kujipanga. Mwenye nyumba ambaye anajua utalipa nusu mwezi huu anaweza kuongea na fundi wake. Asiyejua chochote anakaa na hasira. Kutopokea simu nako ni jibu, na yule wa upande wa pili analijaza kwa maana mbaya kuliko zote.

Anayeumia zaidi kwa kimya ni mdhamini wa SACCO. Mnajua inavyokwenda. Usipolipa, SACCO inaanza na akiba yako mwenyewe, na isipotosha inaingia katika akiba ya wale waliokutilia saini. Rafiki yako anagundua siku anayotaka mkopo wa karo ya mtoto wake, anaambiwa akiba yake imeshikwa. Hakukukosea lolote. Alikuamini. Ukimpigia simu kabla ya siku hiyo, hata kama huna senti, umemlindia kitu. Usipompigia, atakuja kujua kutoka kwa karani. Wengi wanasema, "Nitamwona nikipata pesa." Deni lake la kwanza kwako ni ukweli, na ukweli unaweza kuulipa leo.

Kuna jambo lingine kuhusu siri. Baadhi ya wale wa mikopo ya simu wamejifunza kwamba aibu yako ni mali yao. Wanatisha kwamba watampigia bosi wako, mama mkwe wako, hata mchungaji. Kwa sheria hawaruhusiwi. Kanuni za Benki Kuu ya Kenya za mwaka 2022 kuhusu watoa mikopo ya kidijitali zinakataza vitisho, matusi, na kuwapigia watu waliomo kwenye simu yako ili kukuaibisha. Ukifanyiwa hivyo, hifadhi meseji na ulalamike kwa Benki Kuu, au kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ikiwa wametumia namba za watu wako. Lakini hata kabla ya sheria, angalia kile kisu kinachokata. Kinakata kwa sababu watu wako hawajui. Ukishawaambia wewe mwenyewe, hakuna tena cha kuwatishia nacho. Wahenga walisema mficha uchi hazai.

Katika 2 Wafalme sura ya 4 kuna mjane aliyedaiwa mpaka mdai akaja kuchukua wanawe wawili. Tunapenda kuhubiri juu ya mafuta. Lakini tazameni yaliyotangulia mafuta. Alienda akamwambia mtu hali yake jinsi ilivyo. Akaulizwa ana nini nyumbani. Na mwisho hakuambiwa deni limefutwa, aliambiwa auze alipe. Ule mpangilio ndio nataka tuufuate: kusema, kuhesabu, kulipa. Sisi tunataka kuanza na kulipa, na kwa kuwa hatuna cha kulipa, hatuanzi kabisa.

Basi nawapa wiki moja, kuanzia kesho Jumatatu. Lengo la wiki hii si kumaliza deni. Lengo ni kwamba Jumapili ijayo kusiwe na deni hata moja ambalo hulijui na hata anayekudai mmoja ambaye hajasikia sauti yako. Tutatumia mfano. Huyu dada nimemtunga kutokana na hali nyingi zinazofanana, kwa hivyo msimtafute kanisani. Anauza mitumba, ana watoto wawili, na baada ya kutoa pesa ya kurudisha stoku anabaki na kama 7,000 kwa wiki.

Jumatatu ni ya kukusanya tu. Chukua mfuko mmoja, utie kila bahasha, kila notisi, kila risiti, daftari la chama, kadi ya SACCO. Zifungue zote ukiwa na mtu mmoja unayemwamini, hata kama atakaa tu akinywa chai. Kwenye simu, usifute meseji yoyote. Omba taarifa ya M-Pesa kupitia *334#, kwa sababu pale utaona ni nani umekuwa ukimlipa na umemlipa ngapi. Siku hiyo usimpigie mtu na usiahidi kitu. Kitu kimoja tu hakingoji: ukikuta karatasi ya mahakama au notisi ya dalali, andika tarehe yake ya mwisho kwa herufi kubwa, na kesho asubuhi uende nayo kwa wakili, au kwa mtu anayejua, au kwenye mahakama yenyewe kuuliza. Usipojibu mahakama, hukumu inatolewa ukiwa haupo. Dalali akishaandika orodha ya vitu vya nyumba, kwa kawaida kuna siku 7 za kulipa kabla ya kuvibeba, na siku hizo hazingoji ujasiri wako upatikane.

Wengi hapa wanaogopa jela, kwa hivyo niseme. Mtu anaweza kufungwa kwa deni la madai, lakini mahakama inapaswa kwanza kuridhika kwamba ana uwezo na amekataa kulipa, au anaficha mali, au anataka kutoroka. Kukosa peke yake hakukufungi. Kujificha ndiko kunakofanana na kutoroka.

Jumanne andika orodha kwenye karatasi moja. Kila deni liwe na mambo manne: ni la nani, ni kiasi gani leo, nani mwingine anaumia nisipolipa, na nini kitafuata na lini. Dada yetu aliandika hivi. SACCO, 38,000, wadhamini wawili, amechelewa miezi mitatu. Kodi ya nyumba, miezi miwili, 13,000. Shemeji yake, 10,000. Mkopo wa apu, alichukua 6,000 na sasa ni 7,800. Fuliza, 4,500. Duka la jirani, 2,700. Jumla ni 76,000.

Kabla ya kujumlisha alikuwa anasema kichwani, "Nadaiwa kama laki na nusu." Si kila mtu atapata namba ndogo kuliko hofu yake. Wengine watapata kubwa. Lakini hata kubwa ina mwisho wake, na hofu haina.

Jumatano ni ya kuhakikisha. Je, kuna deni ulilosahau? Kenya ina kampuni tatu za kuweka kumbukumbu za mikopo, zile tunazoita CRB: TransUnion, Metropol na Creditinfo. Una haki ya ripoti moja bila malipo kila mwaka. Iombe, uone nani amekuandika na kwa kiasi gani. Ikiwa kuna deni ulilokwisha lipa, au usilolijua, una haki ya kulipinga. Kumbuka tu kwamba ripoti hiyo haitakuonyesha shailoki, duka, wala shemeji. Hao unawatoa moyoni mwako mwenyewe. Kwa wale wa apu, angalia kwenye orodha ya Benki Kuu kama wana leseni.

Alhamisi hesabu pesa inayobaki, si pesa unayotamani. Hapa ndipo mipango mingi hufa. Dada yetu anabaki na 7,000 kwa wiki. Chakula, makaa, maji, nauli na mahitaji ya shule vinakula 4,000. Kodi ya mwezi unaoendelea ni 6,500, kwa hivyo aweke 1,650 kila wiki. Linalobaki ni 1,350. Kwa wiki nne hiyo ni 5,400. Basi. Hiyo ndiyo pesa yote ya madeni, na hakuna maombi ya mkesha yatakayoifanya 15,000 kwa karatasi.

Siku hiyo hiyo jiulize swali la yule mjane: nina nini nyumbani? Dada yetu alikuwa na friji aliyoizima tangu tokeni za stima zipande. Akaiuza 5,000. Ningekuwa mimi namshauri, pesa hiyo ingeenda Fuliza moja kwa moja, kwa sababu mbili. Kwanza, Fuliza inatoza ada kila siku. Pili, inajilipa yenyewe: kila mteja anapomtumia pesa kwa M-Pesa, inamezwa kabla hajaiona, kisha jioni anafuliza tena kununua unga. Alidhani biashara imekufa, kumbe pesa ilikuwa inaingia mlango wa mbele na kutokea dirishani. Alilipa ile 4,500 na ada iliyokuwa imeongezeka, akabaki na chenji kidogo. Ukishafika sifuri, unaweza kujiondoa kupitia *234#. Fanya hivyo siku hiyo hiyo, usingoje kesho.

Ijumaa ni ya simu, na upige asubuhi, ukiwa umekula. Anza na wadhamini. Kisha SACCO, kisha mwenye nyumba, kisha apu. Mpangilio huu haufuati nani anapiga kelele zaidi. Unafuata nani anaumia zaidi. Anayepiga mara kumi kwa siku si lazima awe ndiye unayemkosea zaidi.

Andika maneno yako kwenye karatasi na uyasome. Kwa mdhamini sema hivi: "Dada, nimechelewesha mkopo miezi mitatu. Nilipaswa kukuambia mapema. Naenda ofisini leo kuomba wanipangie upya. Nitakutumia kila risiti." Usieleze maisha yako yote. Usilie ili asamehe. Mpe habari anayoihitaji, kisha umwache akasirike ikiwa atakasirika. Ana haki hiyo.

Kwa SACCO, nenda mwenyewe ikiwezekana, na uombe wakupangie upya mkopo kwa muda mrefu zaidi. Dada yetu alikuwa anatakiwa kulipa 4,200 kwa mwezi. Aliomba 2,500. Riba ya SACCO yake ni asilimia 1 kwa mwezi kwa salio, kwa hivyo katika 2,500 ile ya mwezi wa kwanza 380 ni riba na 2,120 inapunguza deni. Deni linashuka. Hilo ndilo la kuuliza popote unapoomba kulipa kidogo: je, kwa kiasi hiki deni linashuka, au nitalipa na bado linapanda?

Kwa mwenye nyumba alitoa kodi ya kila mwezi kama kawaida na 1,500 juu ya ile ya zamani. Kwa apu, aliuliza kwanza ni kiasi gani cha mkopo na kiasi gani cha adhabu, akaomba adhabu isimame hapo ilipo, na akasema atalipa 800 kwa mwezi. Wakikubali, omba waandike kwa meseji. Wakikataa, usipigane kwenye simu. Sema, "Nimesikia, hiki ndicho ninachoweza," kisha ulipe hicho hicho kwa Paybill iliyoko kwenye apu yenyewe. Usitume kamwe kwa namba ya mtu binafsi anayesema ni wakala. Watu wamelipa deni mara mbili kwa njia hiyo.

Hapa kuna kosa moja ambalo karibu kila mtu hufanya siku ya simu. Ukisikia sauti nzito upande wa pili, aibu inarudi, na unaahidi kikubwa ili simu ikatike. "Nitalipa yote Ijumaa." Ile ahadi inakupa amani ya siku chache, halafu Ijumaa inafika na sasa umekuwa mwongo juu ya kuwa mdaiwa. Ahadi kubwa ni njia nyingine ya kujificha. Shika karatasi yako ya Alhamisi. Ikiwa 5,400 imekwisha gawanywa, hakuna mwingine wa kumwongezea.

Jumamosi ni ya kwenda kwa miguu. Pita mbele ya lile duka. Mwambie mwenye duka, "Ile 2,700 naikumbuka. Nitakuletea 300 kila mwezi, na kuanzia leo nanunua kwa pesa taslimu." Mpe ile 300 ya kwanza ikiwa unayo. Kisha shemeji. Huyu ndiye mgumu, kwa sababu hajawahi kudai. Amenyamaza tu, na nyinyi mmeacha kukaa pamoja kwenye matanga na harusi. Mpelekee 300 naye, na ukweli. Ukijumlisha, 2,500 na 1,500 na 800 na 300 na 300, ni ile 5,400. Baada ya miezi 9 duka na mwenye nyumba watakuwa wamemalizika au karibu, apu inafuata, na pesa yao itageukia SACCO na shemeji.

Jumapili pumzika. Usikope kwa apu nyingine ili kulipa ya kwanza, wala usiende kwa shailoki na hati ya shamba. Na niseme hili nikiwa mchungaji wenu: usikope kwa simu ili utoe sadaka, wala usitimize ahadi ya harambee kwa pesa ya mdhamini wako. Ikiwa uliahidi kitu hapa kanisani na hali imebadilika, njoo utuambie. Sisi nasi tuko kwenye orodha, na tuko chini kabisa. Mwenye nyumba yuko juu yetu.

Huu mpango una mipaka. Ikiwa pesa inayobaki Alhamisi ni sifuri au chini ya sifuri, simu bado unapiga, lakini unasema, "Kwa sasa sina, nitakupigia tarehe fulani," na tarehe hiyo unapiga kweli hata kama bado huna. Ikiwa nyumba au shamba limewekwa rehani, tafuta wakili mapema, usitegemee ushauri wa gazeti la kanisa. Na ikiwa aibu imekufikisha mahali unafikiria kujidhuru, usifungue bahasha yoyote kwanza. Nipigie mimi, au mzee wa kanisa, au mwambie aliye karibu nawe usiku huo huo.

Watu husema dawa ya deni ni kulipa. Ni kweli, lakini dawa haitolewi kabla ya kupimwa. Wiki hii tupimwe. Kesho jioni chukua mfuko, umwite mtu mmoja, na uzishushe zile bahasha kutoka juu ya kabati.